Tarehe Kwanza, Salamu Baadaye: Jinsi Ujumbe wa Kutokuwepo Ofisini Unavyoandikwa Upya Lubumbashi

Jibu otomatiki, yaani ujumbe ambao seva ya barua pepe humtumia kila aandikaye wakati mwenye sanduku hayupo kazini, hutofautiana na barua nyingine zote za ofisi kwa jambo moja: mwandishi huliandika mara moja, siku moja, ilhali wasomaji hulipokea katika siku mbalimbali asizozijua, na kila mmoja hulisoma kama lililoandikwa siku ileile aliyolipokea. Kwa sababu hiyo maneno ambayo katika mazungumzo hayana lawama yoyote, kama vile "kesho", "wiki ijayo", "kwa sasa" na "siku chache", hupoteza maana yake mara tu mwandishi anapofunga mlango wa ofisi na kuondoka. Kuliandika upya jibu la namna hiyo ni kuhakikisha kwamba kila sentensi iliyomo ni ya kweli siku ya kwanza ya likizo, siku ya mwisho, na siku zote zilizo kati yake. Adabu na ufasaha hufuata baada ya hapo.

Mji wa Lubumbashi unafaa kwa uchambuzi wa jambo hili, kwa kuwa kazi nyingi za ofisi zake hutegemea watu walio mbali. Mzigo unaoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam hupita Tunduma, huingia Zambia kwa upande wa Nakonde, na hatimaye hufika mpaka wa Kasumbalesa, takriban kilomita 90 kutoka mjini; na katika kila kituo yupo mtu anayemwandikia wakala wa forodha wa Lubumbashi, yaani mtu au ofisi inayomshughulikia mwenye mzigo mbele ya idara ya forodha, ili kuuliza hati fulani iko wapi. Lori linalosubiri jibu mpakani humgharimu mtu fedha kwa kila siku linayosimama. Ichukuliwe basi ofisi ya wakala wa namna hiyo, ambayo hapa ni mfano uliotungwa, na ofisa wake ambaye karatasi yake ya likizo inaonyesha kuwa hatakuwepo kuanzia Jumatatu tarehe 6 hadi Jumatano tarehe 15 Januari 2025. Jioni ya Ijumaa tarehe 3, akiwa na haraka ya kuondoka, anaacha maneno haya katika sanduku lake, kwa Kiswahili cha mjini kwake:

"Jambo sana. Niko mu konje kidogo, nitarudia nyuma ya juma mbili. Kama iko bintu bya haraka, muniite. Mersi."

Kwa msikilizaji wa Lubumbashi maneno hayo ni ya kirafiki na hayana kasoro, na ni kosa kuyadharau kwa sababu tu si Kiswahili sanifu, kwani lugha hiyo ina kanuni zake na ndiyo inayofanya kazi kila siku sokoni, ofisini na nyumbani. Tatizo linaanza yanapomfikia msomaji wa Dar es Salaam. Neno "konje", lililotoka katika Kifaransa na lenye maana ya likizo, huenda asilijue kabisa. Neno "nitarudia" analijua, lakini kwake kurudia ni kufanya jambo mara ya pili, si kurejea mahali. Maneno "nyuma ya juma mbili", ambayo Lubumbashi husimama badala ya "baada ya majuma mawili", humpeleka kwenye upande wa mgongo wa kitu, naye hubaki akijiuliza kitu gani kimekaa nyuma ya kipi. Msomaji mwenye subira atakisia maana kutokana na muktadha, ila ujumbe unaohusu lori lililosimama haufai kuachwa kwenye makisio.

Hata hivyo kasoro kubwa zaidi ni ya tarehe, na hiyo humpata hata msomaji wa Lubumbashi anayeelewa kila neno. Mwandishi alihesabu majuma mawili kuanzia Ijumaa tarehe 3, kwa hiyo alikusudia tarehe 17. Anayepokea jibu Jumatatu tarehe 6 huhesabu kuanzia siku hiyo na kupata tarehe 20. Anayelipokea Jumanne tarehe 14, akiwa na mzigo ambao umekwisha kuvuka Nakonde, hupata tarehe 28, na kwa haki kabisa anaweza kuamua kutafuta wakala mwingine. Sentensi moja imetoa tarehe tatu, na ile aliyoikusudia mwandishi si sahihi pia, kwa kuwa tarehe 17 Januari ni siku ambayo ofisi yake haifunguliwi.

Hapa ndipo kalenda ya Kongo inapoingia katika hesabu. Tarehe 16 Januari nchi humkumbuka Laurent-Désiré Kabila, na tarehe 17 humkumbuka Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe hiyo mwaka 1961 huko Katanga. Siku zote mbili ni za mapumziko. Mwaka 2025 siku hizo ziliangukia Alhamisi na Ijumaa, zikafuatwa na Jumamosi na Jumapili, hivi kwamba ofisa ambaye likizo yake iliisha Jumatano tarehe 15 hakuwa na siku ya kurudi kazini kabla ya Jumatatu tarehe 20. Tanzania na Zambia hazina mapumziko hayo, na mtu wa Dar es Salaam aliyeambiwa "hadi tarehe 15" angeanza kupiga simu asubuhi ya tarehe 16 na kukuta kimya kwa siku nne. Neno "hadi" lenyewe lina utata hata pasipo na sikukuu, kwa sababu wapo wanaoihesabu siku iliyotajwa kuwa ndani ya likizo na wapo wanaoiona kuwa ndiyo siku ya kurudi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuandika upya ni kuiacha tarehe iliyo kwenye karatasi ya likizo, ambayo ni siku ya mwisho ya kutokuwepo, na kuandika mahali pake siku ya kwanza ya kazi, baada ya kuipitisha kwenye kalenda ya sikukuu na ya mwisho wa wiki.

Namna ya kuiandika tarehe hiyo nayo ina sababu zake. Jina la siku huwekwa pamoja na tarakimu ya mwezi kwa kuwa kila moja humlinda mwenzake: aliyeandika kwa makosa "Jumatatu tarehe 21" hugunduliwa na msomaji yeyote mwenye kalenda, ilhali aliyeandika "tarehe 21" peke yake hagunduliwi na mtu. Mwezi huandikwa kwa neno, kwani 06/01 husomwa Lubumbashi na Dar es Salaam kuwa tarehe sita Januari, lakini ofisi inayofuata desturi ya Marekani huisoma kuwa tarehe moja Juni. Saa huandikwa kwa hesabu zote mbili, ya Kiswahili na ya tarakimu, na hutajiwa mji wake, kwa sababu Kongo ina majira mawili na saa mbili asubuhi ya Lubumbashi ni saa moja ya Kinshasa na saa tatu ya Dar es Salaam.

Baada ya tarehe huja mtu wa kuwasiliana naye, ambaye Kiswahili kina neno lake zuri la ofisi: kaimu. Ujumbe wa awali haukuwa na kaimu. Ulisema "muniite", yaani mnipigie simu, bila kutaja namba, na ulimwita mtu ambaye huenda wakati huo yuko upande wa Ziwa Mweru mahali pasipo na mtandao. Tena uliweka sharti la "bintu bya haraka", sharti ambalo halichuji chochote, kwa kuwa kila mwenye mzigo huamini kuwa wake ndio wa haraka. Uandishi mzuri huondoa neno hilo na kutaja aina ya jambo linaloweza kushughulikiwa na kaimu, kwa mfano lori lililo njiani au lililokwisha kufika Kasumbalesa, na aina ya jambo linalopaswa kusubiri, kwa mfano makubaliano ya bei mpya. Mipaka hiyo humsaidia hata kaimu, ambaye mara nyingi hupewa jina lake kwenye ujumbe wa mwenzake bila kuulizwa, kisha hujikuta akiombwa sahihi asiyo na mamlaka ya kuitoa.

Anwani ya kaimu ni bora iwe ya idara kuliko ya mtu binafsi, yaani sanduku linalosomwa na watu wawili au zaidi, kwa kuwa mtu naye huugua, huhamishwa na huenda likizo. Namba ya simu huandikwa kwa umbo la kimataifa, ikianza na +243 na kuacha sifuri ya mwanzo, la sivyo aliyeko Nakonde au Dar es Salaam atapiga namba ya ndani ambayo kwake haiendi popote. Pakizingatiwa hayo, ujumbe ulioandikwa upya huwa hivi:

"Kazini tena Jumatatu tarehe 20 Januari 2025. Ujumbe wako umefika, lakini hautasomwa kabla ya siku hiyo, saa mbili asubuhi (8:00) kwa saa za Lubumbashi. Tarehe 16 na 17 Januari ofisi nzima imefungwa kwa sikukuu za taifa. Kwa mzigo ulio njiani au uliofika Kasumbalesa, tafadhali iandikie idara yetu kwa transit@example.com, au piga simu +243 (namba ya zamu), ambayo itapokelewa hata siku za sikukuu. Kaimu anaweza kupokea hati na kuwasilisha tamko la forodha. Mambo ya bei mpya na ya malipo yatajibiwa nitakaporudi. Asante kwa subira yako."

Ujumbe huo una sifa moja isiyoonekana upesi, nayo ni kwamba hauna neno "likizo" wala "konje". Msomaji hahitaji kujua mwenzake yuko mapumzikoni, hospitalini au safarini. Anahitaji kujua lini atajibiwa na nani anaweza kumsaidia kabla ya hapo. Kuficha sababu ni ulinzi pia, kwa maana jibu otomatiki humwendea hata mtu asiyejulikana, na tapeli aliyeambiwa kwamba mkuu wa hesabu yuko safarini kwa majuma mawili amepewa nafasi ya kumwandikia karani kwa jina la mkuu huyo na kudai malipo yapelekwe kwenye akaunti nyingine. Ndiyo maana sentensi ya malipo imewekwa: inamzuia kaimu na inamwonya mteja kwa maneno yaleyale.

Salamu imeondolewa mwanzoni, na jambo hilo linaweza kumkera msomaji wa Kiswahili aliyelelewa kusalimu kwanza. Sababu yake ni ya kimashine. Katika Outlook, programu ya barua inayotumika katika ofisi nyingi, mwandishi hachagui mada ya jibu. Programu huweka yenyewe maneno `Réponse automatique` na kuyafuatishia mada ya barua iliyoingia. Kwenye kioo cha simu msomaji huona mada hiyo pamoja na maneno machache ya mwanzo, na kama maneno hayo ni "Jambo sana, natumaini hujambo na familia", tarehe hubaki ndani ya ujumbe usiofunguliwa. Adabu haikufutwa bali imehamishiwa mwishoni, mahali isipoziba njia ya habari. Ofisi inayoandika kwa Kifaransa na Kiswahili hufuata kanuni hiyohiyo kwa kuweka tarehe katika lugha zote mbili kwenye mstari wa kwanza, kisha ndipo maelezo ya kila lugha yafuate kwa zamu.

Uzito wa ujumbe wa kwanza huongezwa na desturi ya seva ya kutomjibu mtu yuleyule kila mara. Desturi hiyo ni ya tangu programu ya Unix iitwayo `vacation`, iliyoandikwa na Eric Allman miaka ya 1980, ambayo kwa kawaida ilimjibu kila mwandishi mara moja tu kwa wiki. Mwezi Agosti 2004 mapendekezo yaitwayo RFC 3834 yalieleza kwa maandishi kwamba jibu otomatiki linapaswa kubeba katika kichwa chake, yaani sehemu ya maelezo ambayo mashine husoma na mtu kwa kawaida haioni, alama `Auto-Submitted: auto-replied`, na kwamba mashine isijibu barua inayobeba alama ya namna hiyo. Bila kinga hizo mbili, maofisa wawili walio likizoni kwa wakati mmoja wangeweza kujibizana usiku kucha hadi masanduku yajae. Lakini kinga ya kwanza ina gharama: Gmail humjibu tena mtu yuleyule baada ya siku nne tu, na Outlook iliyounganishwa na seva ya Exchange humjibu mara moja kwa kipindi chote cha kutokuwepo. Mteja aliyeandika tarehe 6 kuhusu bei, akaandika tena tarehe 8 kuhusu lori lililokwama, barua yake ya pili haitajibiwa na mashine yoyote kati ya hizo mbili. Lazima basi ujumbe wa kwanza uwe umekwisha kumpa namba ya zamu.

Ofisi zinazoendesha seva yao wenyewe huweza kuifunga tarehe ndani ya kanuni, kwa lugha fupi ya kuchuja barua iitwayo Sieve. Kwa mfano huu, ambao jibu lake linaanza Jumamosi tarehe 4 na kukoma Jumatatu tarehe 20 inapoingia, kanuni huwa hivi:

```
require ["vacation", "date", "relational"];
if allof (
  currentdate :zone "+0200" :value "ge" "date" "2025-01-04",
  currentdate :zone "+0200" :value "lt" "date" "2025-01-20")
{
  vacation :days 3
    :subject "Kazini tena Jumatatu 20 Januari 2025"
    "Ujumbe wako umefika, lakini hautasomwa kabla ya siku hiyo...";
}
```

Alama `+0200` ni majira ya Lubumbashi, na isipowekwa, seva iliyoko kwenye majira mengine itahesabu siku kwa saa zake yenyewe. Neno `lt`, lenye maana ya chini ya tarehe iliyotajwa, linaondoa ule utata wa "hadi" kwa upande wa mashine. Neno `:days 3` huruhusu mtu yuleyule ajibiwe tena baada ya siku tatu. Lisipoandikwa, kipindi cha kawaida ni siku 7, muda ambao ni mrefu mno kwa shughuli za mpakani.

Kuna namna moja ya kuweka jibu ambayo mjini Lubumbashi inapaswa kuepukwa kabisa, nayo ni ya sanduku lisilo la Exchange ambalo Outlook hulifungua kutoka kwenye kompyuta ya mezani, likapewa kanuni ya kujibu kwa kielelezo kilichohifadhiwa. Kanuni ya namna hiyo haifanyi kazi kwenye seva bali ndani ya kompyuta yenyewe, na kwa hiyo hutegemea kompyuta iwe imewashwa na programu iwe wazi. Umeme ukikatika, kama unavyokatika mara kwa mara mjini humo, majibu husimama. Kompyuta ikiwashwa tena, barua zote zilizokusanyika hujibiwa kwa mkupuo, nyingine zikiwa zimechelewa siku mbili. Tena orodha ya watu waliokwisha kujibiwa hudumu kwa muda ambao programu iko wazi tu, hivyo kila kuwashwa upya huifuta na mteja yuleyule hupata jibu lilelile mara kadhaa. Anayetaka kujua kama ofisi yake imo katika hali hiyo azime kompyuta, ajiandikie kutoka sanduku lingine, na asubiri dakika chache: jibu likija, linatoka kwenye seva, lisipokuja, ni kompyuta iliyokuwa ikijibu.

WhatsApp Business, ambayo wateja wengi huitumia kuliko barua pepe, ina kasoro inayofanana na hiyo: ujumbe wake wa kutokuwepo hutumwa tu pale simu inapokuwa na intaneti. Ofisa aliyezima simu ya kazi na kuiweka kwenye droo hajamwachia mteja jibu lolote, hata kama aliliandika vizuri. Simu hiyo ni bora ikabidhiwe kwa kaimu ikiwa imewashwa.

Jaribio la mwisho hufanywa Jumamosi, mara jibu linapoanza, na mtu aliye nje ya ofisi, ikiwezekana nje ya nchi, kwa sababu Exchange hutunza ujumbe wa ndani na wa nje kila mmoja peke yake, na mara nyingi ule wa ndani ndio uliorekebishwa huku wa nje ukibaki wa likizo ya mwaka uliopita. Mtu huyo huandika barua fupi, husoma jibu bila kulifungua ili aone kama tarehe inaonekana, kisha huliandikia sanduku la idara na kupiga namba ya zamu. Mara nyingi kosa huwa hapo: sanduku la idara nalo lina jibu otomatiki la zamani, linalomwelekeza msomaji kwa ofisa yuleyule aliyeondoka. Kosa likipatikana, Gmail ina faida yake, kwani mada au maneno yakihaririwa hesabu ya siku nne huanza upya, na aliyeandika Jumamosi akapata namba mbovu atapata namba iliyo sahihi atakapoandika tena Jumatatu tarehe 6, malori yanapoanza kupiga foleni.